VRR peke yake, VRR na V-Sync, au zote mbili pamoja na kikomo cha fremu: upange ipi?

Picha ikichanika unapozungusha kamera kwenye gemu, maana yake kadi ya grafiki imekabidhi fremu mpya wakati skrini bado inachora ile ya zamani. Skrini huchora kuanzia juu kwenda chini, mstari kwa mstari, na skrini ya 144 Hz humaliza kuchora picha moja kwa milisekunde 6.94. Fremu mpya ikiingia kazi ikiwa katikati, sehemu ya juu inabaki na picha ya zamani, ya chini inapata mpya, na nguzo ya nyumba inaonekana imekatwa vipande viwili visivyokutana.

Dawa ya zamani ni V-Sync, ambayo inailazimisha kadi isubiri skrini imalize. Mchaniko unaisha, lakini mwendo unaharibika. Fremu iliyochukua milisekunde 8 kutengenezwa imeshaikosa zamu ya 6.94, kwa hiyo inakaa hadi zamu inayofuata, ya 13.89. Fremu moja inaonekana kwa muda mfupi, nyingine kwa muda mara mbili yake, na jicho linaona mwendo unaokwamakwama hata kama namba ya FPS, yaani fremu kwa sekunde, pembeni inapendeza.

VRR, yaani kasi ya skrini inayobadilika, inageuza utaratibu huo: sasa skrini ndiyo inayoisubiri kadi. Fremu ikiwa tayari baada ya milisekunde 8, skrini inaanza kuichora hapo hapo, na kwa fremu hiyo moja inakuwa skrini ya 125 Hz. Fremu inayofuata ikichukua milisekunde 10, skrini inashuka hadi 100 Hz. Hakuna zamu ya kukosa.

Wengi huwasha VRR wakidhani kazi imeisha, kisha wanashangaa mchaniko unarudi mara mojamoja, au kipanya kinakuwa kizito katika baadhi ya maeneo ya gemu. Sababu ni kwamba VRR inafanya kazi ndani ya mipaka ya skrini tu, na wewe ndiye unayeamua kitokee nini mpaka ukivukwa. Kuna namna tatu za kupanga hilo. Nitazilinganisha kwa mfano mmoja: skrini yenye VRR kati ya 48 na 144 Hz, na gemu la dunia ya wazi ambalo kadi inalitengeneza kwa fremu 85 hadi 110 kwa sekunde mjini kwenye watu wengi, na hadi 170 ukiingia ndani ya chumba au ukitazama angani.

Kabla ya yote, hakikisha VRR imewaka kweli

Kulinganisha hakuna maana kama VRR yenyewe haifanyi kazi, na mara nyingi haifanyi. Anza kwenye menyu ya skrini yenyewe, ile ya vitufe vyake, uwashe `Adaptive-Sync` au `FreeSync`. Skrini nyingi hutoka kiwandani ikiwa imezimwa. Tumia kebo ya DisplayPort kama skrini inayo, kwa sababu kupitia HDMI mambo hutegemea toleo la HDMI na kadi uliyonayo. Kisha ingia kwenye `Advanced display` ya Windows uchague 144 Hz. Wapo wanaonunua skrini ya 144 Hz na kuitumia kwa 60 bila kujua.

Kwa kadi za NVIDIA, fungua NVIDIA Control Panel, sehemu ya `Set up G-SYNC`, uweke alama kwenye `Enable G-SYNC, G-SYNC Compatible`. Hapo utaulizwa kama unataka `full screen mode` peke yake au `windowed and full screen mode`. Ikiwa gemu lako linaendeshwa kwenye dirisha lisilo na kingo, unahitaji hilo la pili. Kwa kadi za AMD, swichi ni `AMD FreeSync` ndani ya AMD Software, kwenye mipangilio ya skrini.

Sasa jaribu. Skrini nyingi zina kipengele kwenye menyu yake kinachoonyesha Hz za wakati huo. Kiwashe, ingia kwenye gemu mahali ambapo FPS ni kama 90, uangalie. Namba ya skrini ikichezacheza karibu na 90, VRR inafanya kazi. Ikiganda kwenye 144 wakati gemu linatoa 90, VRR haijawaka, na chochote utakachobadilisha baada ya hapo utakuwa unapapasa gizani.

Mpangilio wa kwanza: VRR peke yake, V-Sync imezimwa

Mjini, kwenye fremu 85 hadi 110, mpangilio huu hauna kasoro utakayoiona kwa urahisi. Kila fremu inachorwa inapofika na kipanya ni chepesi. Shida inaanza unapoingia chumbani. Fremu zinakuja 170 kwa sekunde, yaani moja kila milisekunde 5.9, lakini skrini haiwezi kumaliza kuchora chini ya 6.94. Fremu inayofuata inafika ya kwanza haijaisha kuchorwa, na kwa kuwa V-Sync imezimwa, hakuna anayeizuia. Mchaniko unarudi kama vile VRR haipo, na mstari wake unatembea juu na chini kwenye skrini.

Wengine hujibu hivi: basi niweke kikomo cha fremu 138 bila V-Sync, nisivuke 144 kamwe. Wazo ni zuri, ila kikomo kinahesabu wastani, na skrini haioni wastani, inaona fremu mojamoja. Tuseme fremu moja imechukua milisekunde 9 kwa sababu gemu lilikuwa linapakia kitu, na inayofuata imewahi, ikatoka kwa 5.5. Wastani wa hizo mbili ni 7.25, ambao ndio fremu 138 kwa sekunde hasa. Lakini ile ya 5.5 imefika skrini ikiwa imechora karibu asilimia 79 ya picha iliyotangulia. Matokeo ni mstari mmoja wa mchaniko kwenye sehemu ya tano ya chini ya skrini, kisha unapotea.

Mahali mstari unapotokea panakueleza tatizo lako. Ukiona michaniko mifupi ya mara mojamoja karibu na chini ya skrini, VRR yako inafanya kazi na kinachokuponyoka ni fremu zilizowahi. Ukiona mistari inayozurura skrini nzima mfululizo, ama umevuka kima cha juu cha skrini, ama VRR haijawaka kabisa.

Mpangilio wa pili: VRR pamoja na V-Sync, bila kikomo

Hapa watu hubishana sana, kwa sababu wamezoea kuambiwa kwamba VRR na V-Sync ni maadui. Si kweli. VRR ikiwa imewaka na FPS iko chini ya 144, V-Sync hailazimishi fremu kusubiri zamu, kwa kuwa hakuna zamu zilizopangwa. Kazi yake pekee ni kuishika fremu iliyowahi mpaka skrini imalize ile iliyopo. Ile fremu ya milisekunde 5.5 itashikwa kwa milisekunde 1.44 tu, halafu itachorwa. Hakuna mtu anayeweza kuihisi milisekunde moja na nusu iliyotokea mara moja, lakini mstari wa mchaniko kila mtu anauona.

Kwa hiyo mjini mpangilio huu unaupita wa kwanza: wepesi ni uleule, na ile michaniko ya chini imekwisha. Tatizo lake liko chumbani. Kadi inataka kutoa fremu 170, skrini inapokea 144, na V-Sync inaizuia kadi. Fremu zilizokwisha kutengenezwa zinapanga foleni zikisubiri kuonyeshwa, na kila fremu iliyo kwenye foleni ni milisekunde 7 kati ya mkono wako na unachokiona. Ukizungusha kipanya, unaona matokeo ya ulichofanya fremu mbili au tatu zilizopita. Ukitoka nje kwenda mjini foleni inaisha na wepesi unarudi.

Mimi naona kubadilika huko kunaudhi kuliko uzito wenyewe. Mkono ukizoea ucheleweshaji mmoja, unalenga vizuri. Ucheleweshaji ukibadilika kila unapopita mlangoni, mkono hauna cha kuzoea. Mtu anayelalamika kwamba VRR imefanya gemu lake liwe zito, mara nyingi anaelezea hali hii, na kosa si la VRR.

Mpangilio wa tatu: VRR, V-Sync, na kikomo cha fremu chini kidogo ya kima cha juu

Huu ndio ninaoupendekeza kwa watu wengi. V-Sync inakamata fremu zilizowahi, na kikomo kinaizuia kadi isifike mahali pa kupanga foleni. Chumbani gemu linabaki kwenye 138, fremu moja kila milisekunde 7.25, na skrini inapata pumzi ya milisekunde 0.3 kabla ya kila fremu. Foleni haianzi, na uzito wa kipanya ni uleule mjini na chumbani.

Kwa nini 138 na si 144? Kwa sababu kikomo chochote hukosea kidogo. Ukiweka 144 kamili, baadhi ya fremu zitatoka kwa 6.8, V-Sync itazizuia, na foleni itaanza kujengeka polepole. Wengi hutumia kanuni ya kutoa fremu tatu, yaani 141, na kwenye skrini ya 144 Hz inatosha. Tatizo lake ni kwamba kadiri skrini inavyokuwa na kasi, fremu tatu huwa pengo dogo zaidi la muda. Hesabu hii inatoa pengo linalokua pamoja na kasi:

```
kikomo = Hz - (Hz × Hz / 3600)
```

Kwa 144 Hz inatoa 138, kwa 165 inatoa 157, kwa 240 inatoa 224. Gemu likiwa na `NVIDIA Reflex`, teknolojia ya kupunguza ucheleweshaji, nawe umewasha G-SYNC na V-Sync, Reflex yenyewe hufunga fremu kwenye namba za aina hiyo, na huna haja ya kuweka kikomo kingine juu yake.

Kwenye NVIDIA, V-Sync iwashe ndani ya `Manage 3D settings`, mstari wa `Vertical sync`, uchague `On`, kisha uzime ile ya ndani ya gemu. Sababu ni kwamba V-Sync za baadhi ya magemu huja na mambo yao, kama kukata fremu hadi nusu ya kasi ya skrini, wakati ile ya draiva inafanya kazi moja tu. Kwenye AMD swichi inaitwa `Wait for Vertical Refresh`. Gemu likiipuuza, washa ya ndani ya gemu badala yake. Zisiwake zote mbili.

| | VRR peke yake | VRR + V-Sync | VRR + V-Sync + kikomo |
|---|---|---|---|
| Fremu 85–110 | safi, michaniko michache chini | safi | safi |
| Fremu 170 | inachanika mfululizo | haichaniki, kipanya kizito | haifiki huko, inabaki 138 |
| Wepesi wa kipanya | mzuri kote | unabadilikabadilika | mzuri na haubadiliki |

Kikomo ukiweke wapi?

Una sehemu tatu. Kikomo cha ndani ya gemu ndicho chenye ucheleweshaji mdogo zaidi, kwa sababu gemu linasubiri kabla ya kusoma kipanya, si baada. Anza na hicho. Udhaifu wake ni kwamba magemu mengine hupima muda ovyo, fremu moja inatoka kwa 6.5 na nyingine kwa 8. Programu ya RivaTuner Statistics Server, kwenye kisanduku cha `Framerate limit`, hutoa fremu zilizonyooka sana kwa gharama ya ucheleweshaji mdogo. Kile cha draiva, `Max Frame Rate` kwenye NVIDIA, kiko katikati. Kwenye AMD unaweza kutumia `Radeon Chill` ukiweka namba ya chini na ya juu ziwe sawa.

Namna ya kuchagua ni kuangalia grafu ya muda wa fremu, si namba ya FPS. RivaTuner inaweza kuichora kwenye kona ya skrini. Tembea mahali pamoja kwa kikomo cha gemu: grafu ikiwa karibu mstari ulionyooka, baki hapo. Ikiwa na meno kama ya msumeno huku kadi ikiwa na nguvu ya ziada, zima kikomo cha gemu, weka cha RivaTuner, utazame tena. Usiweke vikomo viwili kwa namba moja, kwa sababu vitagombana na meno yataongezeka.

Kuna uamuzi mwingine ambao wapenda namba kubwa hawaupendi. VRR huondoa kukwama kunakosababishwa na zamu za skrini, lakini haifanyi milisekunde 7 na milisekunde 12 zihisike sawa. Gemu likirukaruka kati ya fremu 85 na 138 kila unapogeuka, macho ya wengi yatalihisi. Kwenye gemu la mchezaji mmoja la kutembea na kutazama, mimi ningeweka kikomo 95 au 100 na kuacha hizo fremu za ziada. Tofauti kati ya 85 na 100 ni chini ya milisekunde 2, na mwendo unatulia.

Upande wa chini wa VRR

Skrini yetu ya mfano haishuki chini ya 48 Hz, yaani haiwezi kusubiri zaidi ya milisekunde 20.8. Gemu likitoa fremu 40, moja kila milisekunde 25, draiva hutumia mbinu inayoitwa LFC: kila fremu inaonyeshwa mara mbili, na skrini inakwenda 80 Hz. Ukiangalia namba kwenye menyu ya skrini utaiona ikiruka hadi 80 wakati FPS ni 40, na hilo si hitilafu.

LFC inahitaji kima cha juu kiwe angalau mara mbili ya kima cha chini. Skrini ya 48 hadi 144 inapita bila shida. Skrini ya 48 hadi 75 haipiti, kwa sababu kurudia fremu za 45 kunahitaji 90 Hz ambazo haina. Mwenye skrini hiyo akishuka chini ya 48, VRR inakata, na anarudi kwenye uchaguzi wa zamani wa kuchanika au kukwama. Kwake ushauri ni tofauti kabisa: apunguze ubora wa picha mpaka fremu za chini kabisa zikae juu ya 50, kisha aweke kikomo cha 72. Programu ya Custom Resolution Utility inaweza kushusha kima cha chini hadi 37, na baadhi ya skrini hukubali. Zisipokubali hutoa giza au picha inayowakawaka, na faili la `reset-all.exe` linalokuja na programu hiyo hurudisha hali ya awali. Jua lilipo kabla ya kujaribu.

Skrini za VA na OLED zina jambo lao hapa. Mwanga wake hubadilika kidogo kasi inapobadilika, hasa kwenye maeneo ya kijivu na giza. Gemu likicheza kati ya 45 na 52, LFC inawaka na kuzima, skrini inaruka kati ya 90 na 52 Hz mara nyingi kwa sekunde, na unaona picha inapepesa. Huonekana sana pia kwenye skrini za kupakia gemu, ambako fremu hazina mpangilio. Ya kupakia ivumilie. Ya ndani ya gemu itibu kwa kuuondoa mwendo wa fremu kwenye mpaka huo: punguza vivuli mpaka gemu likae juu ya 55 wakati wote, au liwekee kikomo cha 40 ili likae kwenye 80 Hz bila kuruka.

Ni nani asiyehitaji mpangilio wa tatu

Mchezaji wa mashindano ambaye kadi yake inatoa fremu 400 kwenye skrini ya 240 Hz anaweza kuzima kila kitu, VRR na V-Sync. Katika kasi hiyo kila mchaniko hukaa skrini kwa milisekunde chache tu na pande zake mbili hukaribiana, naye anapata taarifa mpya mapema kidogo. Lakini kadi hiyohiyo ikishuka hadi 200 kwenye mapigano makubwa, uchaguzi wake unamrudisha kwenye VRR.

`Fast Sync` ya NVIDIA na `Enhanced Sync` ya AMD nisingezitumia pamoja na VRR kwa kesi hii. Juu ya kima cha juu hazipangi foleni, zinatupa fremu zilizozidi, na kwa kuwa zinazotupwa hazina mpangilio sawa, mwendo unakuwa wa kurukaruka hata kama hauchaniki.

Kuna ukwamaji ambao hakuna mpangilio hata mmoja kati ya hii mitatu utakaougusa. Grafu ikiwa imenyooka kwenye 7.25 kisha mnara mmoja ukapanda hadi milisekunde 60 kila unapoingia eneo jipya, hapo gemu lenyewe limesimama, ama linaandaa sheda, yaani programu ndogo za kuchora picha, kwa mara ya kwanza, ama kumbukumbu ya kadi imejaa. Namna ya kuthibitisha ni kuzima VRR, V-Sync na kikomo, kisha kurudia njia ileile. Mnara ukibaki palepale, rudisha mipangilio yako ilivyokuwa na uanze kupunguza ubora wa tekscha.